Pembe Maradufu Kwenye Picha ya Simu

Picha imepigwa usiku. Kivuli cha simu kimekatiza ukurasa, na pembeni kidole gumba kimeziba mwisho wa mstari wa juu. Mwanafunzi wa kidato cha sita, aliyeko nyumbani kwa likizo, amempigia picha daftari la mwenzake na kumtumia mwalimu wake wa zamani: “Shikamoo Mwalimu. Naomba unisaidie kuthibitisha hii, nimekwama tangu jana.”

“Marahaba,” anajibu mwalimu. “Kwanza niandikie swali lenyewe kwa mkono wako, herufi moja moja.”

Si kwamba hataki kusaidia. Kwenye picha ya aina hiyo, tarakimu 2 inaweza kusomeka kwa namna mbili. Ikikaa juu kidogo, ni kipeo cha pili, yaani sin²θ: sini ya pembe iliyozidishwa kwa yenyewe. Ikikaa sawa na herufi nyingine, ni sin 2θ: sini ya pembe iliyoongezwa mara mbili. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na katika mwandiko wa haraka tofauti yake ni milimita moja au mbili. Zaidi ya hapo, theta iliyofifia hugeuka sifuri, na 2θ ikawa 20.

Mwanafunzi alikuwa amesoma hivi:

(1 − cos²θ + sin²θ) / (1 + cos²θ + sin²θ) = tan θ

Kabla ya kuhangaika na uthibitisho, kuna kipimo cha dakika moja: kuweka pembe moja inayojulikana pande zote mbili. Chukua 30°. Cos²30° ni 0.75, na sin²30° ni 0.25. Juu inabaki 0.5, chini 2, kwa hiyo upande wa kushoto ni 0.25. Lakini tan 30° ni karibu 0.577. Pande hazilingani, na pembe moja tu inatosha kuuangusha usawa unaodaiwa kusimama kwa kila pembe. Mwanafunzi alikuwa amepoteza siku nzima akithibitisha jambo ambalo si kweli.

Sasa lisomwe upya, tarakimu 2 ikishuka na kukaa mbele ya theta:

(1 − cos 2θ + sin 2θ) / (1 + cos 2θ + sin 2θ) = tan θ

Kwa pembe ileile ya 30°, cos 60° ni 0.5 na sin 60° ni karibu 0.866. Juu ni 1.366, chini 2.366, ukigawanya unapata 0.577. Pande zimekubaliana. Hilo halijathibitisha chochote, kwa sababu hata sin θ na cos θ hulingana kwenye 45° na kuachana kwenye pembe nyingi nyingine. Linachosema ni kwamba safari hii kuna kitu cha kuthibitisha.

Wengi hujikwaa kwenye hatua inayofuata. Wakiona alama ya sawasawa, mkono unakwenda wenyewe: wanazidisha pande zote mbili, wanahamisha huku na kule, mpaka pande zifanane. Kwa kufanya hivyo wameanza kwa kukubali jambo lilelile waliloambiwa walithibitishe. Hatari yake inaonekana kwenye dai hili: sin θ = √(1 − cos²θ). Ukilipandisha pande zote mbili kwenye kipeo cha pili, unapata sin²θ = 1 − cos²θ, ambayo ni kweli siku zote. Lakini dai lenyewe ni la uongo: kwenye 270° kushoto ni −1, kulia ni 1. Kipeo cha pili kimefuta alama ya hasi, na kosa likapita bila kuonekana.

Kwa hiyo mwalimu anataka upande mmoja uachwe bila kuguswa, na mwingine ubadilishwe hatua kwa hatua hadi ufanane nao. Hapa upande wa kulia ni tan θ tu, hauna cha kurahisishwa. Wa kushoto ndio wenye mzigo, kwa hiyo kazi inaanzia huko.

Upande wa kushoto una 2θ, wa kulia una θ. Kinachohitajika ni kanuni za pembe maradufu. Ya sini ni moja: sin 2θ = 2 sin θ cos θ. Ilijulikana Baghdad katika karne ya 10, katika kazi za Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabati na mnajimu. Ya kosini ina sura tatu: cos²θ − sin²θ, au 1 − 2 sin²θ, au 2 cos²θ − 1. Mbili za mwisho hutokana na ya kwanza kwa kutumia kanuni ya Pythagoras, sin²θ + cos²θ = 1.

Utamu wa swali zima uko katika kuchagua sura. Kwenye kiasi, sehemu ya juu, kuna 1 − cos 2θ. Ukiweka 1 − 2 sin²θ mahali pa cos 2θ, zile moja mbili zinafutana na kubaki 2 sin²θ. Kwenye asili, sehemu ya chini, kuna 1 + cos 2θ. Hapo sura inayofaa ni 2 cos²θ − 1, na inabaki 2 cos²θ. Kosini ileile, ndani ya sehemu ileile, imevaa sura mbili. Mwanafunzi anashangaa kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa, kwa kuwa sura zote zina thamani moja. Aliyeweka 2 cos²θ − 1 juu hajakosea pia. Atapata 2 − 2 cos²θ na atalazimika kumwita Pythagoras aigeuze kuwa 2 sin²θ. Ni njia ndefu kidogo tu.

Uthibitisho kwenye daftari unakaa hivi, kila mstari ukiwa na jina la kilichotumika:

Upande wa kushoto
= (1 − cos 2θ + sin 2θ) / (1 + cos 2θ + sin 2θ)
= (2 sin²θ + 2 sin θ cos θ) / (2 cos²θ + 2 sin θ cos θ) … pembe maradufu, ya kosini na ya sini
= 2 sin θ (sin θ + cos θ) / 2 cos θ (cos θ + sin θ) … kutoa vigawo vya pamoja
= sin θ / cos θ … kufuta vigawo vinavyofanana
= tan θ … kanuni ya uwiano
= upande wa kulia.

Majina hayo ya pembeni humlinda mwandishi mwenyewe. Mstari usiopata jina ndio wa kurudiwa, na mara nyingi ndipo mtu alipofuta sin θ iliyokuwa imejumlishwa na kitu kingine, si kuzidishwa nacho.

Mwanafunzi anatuma picha ya pili, safari hii mchana, mwandiko ukiwa wazi. Mwalimu anazungushia duara mstari wa nne. Pale kimefutwa sin θ + cos θ, na kugawanya kwa sifuri hakukubaliki. Je, kiasi hicho kinaweza kuwa sifuri? Kinaweza, kwenye 135°. Hapo cos 270° ni 0 na sin 270° ni −1. Upande wa kushoto unakuwa sifuri juu na sifuri chini, hauna thamani, wakati tan 135° ni −1 bila tatizo lolote. Kwenye 90° ni pande zote mbili zinazokosa thamani.

Chini ya jibu lake mwanafunzi anaongeza mstari mmoja: “Kwa kila θ ambayo cos θ ≠ 0 na sin θ + cos θ ≠ 0.”