Ah 200 za Saa Ngapi?

Katika maduka ya vifaa vya sola pale Kariakoo, betri huulizwa kwa ampea-saa, zile zinazoandikwa Ah. Mteja anataka "mia mbili", muuzaji anamtolea mia mbili, wanapatana bei, mzigo unapakiwa kwenye bajaji. Lakini namba ile ina mwenzake, aghalabu ameandikwa kwa herufi ndogo pembeni: C10, C20, C100, au pengine 20HR. Huyo ndiye anayeeleza hizo mia mbili zimepatikana kwa kuitumia betri polepole kiasi gani. Asipokuwepo, mteja hajaambiwa kitu kamili.

Tuanze na C20, kipimo kinachotumika sana kwenye betri za gari na zile za kufunga nyumbani. Betri iliyojaa huunganishwa na kifaa kinachovuta umeme kwa kiwango kile kile, na kiwango hicho huchaguliwa ili betri ichukue saa 20 kufika mwisho. Kwa betri ya volti 12, mwisho huo kwa kawaida ni volti 10.5. Basi betri ya Ah 100 kwa C20 ni betri inayotoa ampea 5 kwa saa 20. Zidisha, unapata 100. Kosa linaanza pale mtu anapoigeuza hesabu na kudhani itatoa pia ampea 100 kwa saa nzima. Haitoi. Nyingi zitafika volti 10.5 kabla ya dakika 40.

Sababu imo ndani ya bamba za risasi. Katika betri nyingine nyingi, maji yaliyomo kati ya bamba ni njia tu ya kupitishia chaji. Katika betri ya risasi, asidi yenyewe huliwa. Umeme unapotoka, asidi ya salfuriki huungana na risasi ya bamba na kuacha salfeti ya risasi, pamoja na maji. Bamba hizo si chuma kigumu. Zina vitundu vidogo mno, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika humo ndani. Asidi iliyo kwenye vitundu ikiisha, mpya lazima ijipenyeze kutoka nje, nayo hupenya polepole. Ukivuta umeme kwa nguvu, asidi ya ndani ya bamba hupungua upesi kuliko inavyorudishwa, salfeti huziba midomo ya vitundu, na volti huanguka huku risasi nyingi ikiwa bado haijaguswa.

Ni kama kisima chenye mkondo mdogo chini yake. Wakija watu wengi asubuhi na ndoo zao, kinakauka mapema. Ukikiacha mpaka mchana, maji yamerudi. Betri nayo hufanya hivyo hivyo. Inveta ikizima kwa sababu ya volti kushuka, kisha ukaondoa mzigo kwa saa moja mbili, volti hupanda yenyewe na betri inaweza kuwasha taa ndogo kwa muda wa kutosha. Hili wengi hawalijui: ampea-saa ambazo hukuzipata kwa kuvuta haraka hazikuungua. Bado zimo, zinasubiri uvutaji wa pole.

Mjerumani Wilhelm Peukert aliyaweka mambo haya katika kanuni ya hesabu mwaka 1897, na kanuni hiyo ingali inatumika. Hata hivyo, kwa mnunuzi jedwali la kiwanda lina manufaa zaidi kuliko kanuni. Chukua Trojan T-105, betri ya maji ya volti 6 inayojulikana sana kwenye vigari vya viwanja vya gofu na mitambo ya sola. Ikitumika kwa saa 100, kiwanda kinaipa Ah 250. Kwa saa 20, Ah 225. Kwa saa 5, Ah 185. Ikivutwa ampea 75, kasi ambayo kigari cha gofu huijua vizuri, hudumu dakika 115, yaani takriban Ah 144. Betri ni ile ile, risasi ni ile ile, na uzito haujabadilika hata gramu moja. Muuzaji anayeiita ya 250 na anayeiita ya 185 wote wanasema kweli.

Kila sekta imechagua saa zinazofanana na kazi yake. Betri za pikipiki za Kijapani hupimwa kwa saa 10. Zile za magari ya kuinulia mizigo ghalani hupimwa kwa saa 5 au 6, kwa kuwa zinatakiwa kumaliza zamu. Sola walichukua saa 100 kwa hoja inayoeleweka: betri iliyotengwa kukaa siku kadhaa za mawingu bila kuchajiwa hutoka polepole sana. Tatizo ni pale C100 inapowekwa rafu moja na C20, halafu bei zikagawanywa kwa Ah ili kujua ipi ni rahisi. Betri ya "200" kwa C100 huenda, ikipimwa kwa saa 20, ikawa 180 au chini ya hapo. Jirani yake aliyeandikwa 190 kwa C20 ndiye mkubwa, na mara nyingi hata mizani itakwambia, kwa sababu ana risasi nyingi zaidi.

Hata saa zikilingana, angalia volti ya kumalizia. Anayesimamisha kipimo kwenye 10.8 amejinyima kidogo kuliko anayesubiri 10.5. Joto nalo lina sehemu yake. Vipimo vingi hufanywa kwenye nyuzi 20 au 25, na betri ya moto kidogo hutoa zaidi ya ile ya baridi.

Jambo hili lina upande wake mzuri pia. Rudi kwenye T-105. Moja ikibeba ampea 75 hudumu dakika 115. Funga mbili sambamba kwa mzigo ule ule, na kila moja itabeba nusu tu, ampea 37 na ushei. Kwa jedwali lile lile, sasa zinakwenda karibu saa 5. Umeongeza betri mara mbili, muda umezidi mara mbili na nusu. Kwa hiyo anayelinganisha betri moja ya risasi na moja ya lithiamu ya Ah sawa ajue wanakotofautiana: ya lithiamu haijali sana kasi, na kwa mzigo mzito itaipita ya risasi kwa mbali. Kwa taa chache za usiku kucha, pengo hilo la kasi hupungua sana.

Ukishuku namba ya kwenye kibandiko, unaweza kuipima mwenyewe. Balbu ya taa kubwa ya gari, ya volti 12 na wati 60, huvuta karibu ampea 5, ambayo ndiyo C20 ya betri ya Ah 100. Kwa Ah 200 tumia mbili. Jaza betri kabisa, iache ipumzike, pima ampea kwa mita, kisha andika saa. Simamisha ikifika volti 10.5, usingoje balbu izime, na uichaji siku hiyo hiyo, kwani salfeti ikikaa inakuwa ngumu kuondoka. Betri mpya ya maji ikipungukiwa kidogo mara ya kwanza, usiikatae. Hufikia ukubwa wake kamili baada ya kutumika mara kadhaa.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji jedwali la kiwanda, tafuta mstari wa saa 20 au 10 katika betri zote mbili, na linganisha mstari kwa mstari. Asiyekuwa na jedwali, wala C yoyote kwenye kibandiko, mwache na betri yake.