Gesi Inayojigawa, na Mizani Inayoifichua

Mwaka 1867 wakemia wawili wa Ufaransa, Henri Sainte-Claire Deville na Louis Troost, walichapisha vipimo vya gesi yenye tabia ya ajabu. Kila walipoipasha moto, densiti yake ilishuka haraka kuliko inavyotarajiwa kwa gesi ya kawaida, na rangi yake ya kahawia ikazidi kukolea.

Sababu ni kwamba ndani ya chombo mna gesi mbili. Dainitrojeni tetroksidi, N₂O₄, haina rangi. Molekuli yake ikikatika huzaa mbili za nitrojeni dioksidi, NO₂, na hizo ndizo za kahawia. Uzito haubadiliki, bali idadi ya chembe huongezeka. Kwa kuwa kanieneo ya gesi hufuata idadi ya chembe, chupa iliyo kwenye kanieneo ileile hubaki na gesi nyepesi zaidi. Hapo ndipo mizani inapoingia.

Chukua chupa ya kioo ya mililita 250, iliyotolewa hewa yote na kupimwa uzito. Inajazwa gesi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na kanieneo ya angahewa 1, kisha inapimwa tena. Uzito umeongezeka kwa gramu 0.794, yaani densiti ni gramu 3.176 kwa lita. Katika hali hiyo moli moja ya gesi yoyote huchukua takriban lita 24.47, hivyo moli moja ya mchanganyiko huu ina gramu 77.7. N₂O₄ tupu ingekuwa na gramu 92. Gawanya 92 kwa 77.7, upate 1.184. Maana yake, kila molekuli 100 za mwanzo sasa zimekuwa chembe 118 hivi, kwa sababu 18 kati yake zimekatika vipande viwili. Kiwango cha mtengano ni asilimia 18.4.

Ugumu uko kwenye ile 1 inayotolewa mwishoni. Kosa la asilimia 1 tu katika uzito, miligramu 8 kwa chupa hii, huusogeza mtengano hadi asilimia 17.2 au 19.6. Hewa iliyobaki ndani ni adui mkubwa zaidi: ni nyepesi kuliko gesi hizi zote mbili, hivyo hufanya mtengano uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Unyevu nao huzaa asidi ya nitriki. Dalili yake ni kimiminika kugeuka kijani kinapopozwa. Kipimakanieneo cha zebaki hakifai, kwani gesi huishambulia zebaki. Kazi yote hufanyika chini ya kivuta hewa, maana aliyevuta gesi hii anaweza kujiona mzima, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye.

Mpimaji makini hurudia kipimo kwa kanieneo ya nusu angahewa, joto likiwa lilelile. Gesi isiyojigawa ingeonyesha densiti ya nusu kamili, gramu 1.588 kwa lita. Hii hushuka hadi karibu 1.50, kwa sababu mtengano umepanda hadi asilimia 26 hivi.