Moroko hurudisha saa nyuma Ramadhani, mzazi wa mbali hubaki na hofu

Jumapili ya Februari 23, 2025, mama mmoja mkazi wa Tanga alishika simu yake saa 3:00 usiku kama ilivyo kawaida ya kila Jumapili. Kijana wake anasoma chuo kikuu mjini Rabat, Moroko, na makubaliano yao ni kuzungumza kwa video saa 1:00 usiku ya kule, ambayo kwa Tanga ni saa 3:00 usiku.

Simu iliita bila majibu. Saa 3:20 akapiga tena, kimya. Kijana huyo ana pumu, na wiki hiyo alikuwa amelalamika kifua. Hadi saa 3:45 mama alikuwa ameshawapigia ndugu wawili kuuliza kama kuna anayemfahamu Mtanzania mwingine aliyeko Rabat.

Saa 4:00 usiku kamili simu ikaita. Alikuwa mwanawe, mzima wa afya. “Mama, mbona umepiga mapema hivyo? Nilikuwa mazoezini, simu nimeiacha chumbani. Saa 1:00 ndiyo hii sasa.”

Wote wawili walikuwa sahihi. Alfajiri ya siku hiyo Moroko ilikuwa imerudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kujiandaa na Ramadhani. Tofauti ya Tanga na Rabat, ambayo kwa kawaida ni saa mbili, ilikuwa imekuwa saa tatu.

Kwa nini wanarudisha saa

Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatujazoea jambo hili, kwa sababu jua letu huchomoza na kuzama karibu muda uleule mwaka mzima. Nchi zilizo mbali na ikweta hupata mchana mrefu wakati wa kiangazi, na baadhi yao husogeza saa mbele ili jioni iwe na mwanga zaidi. Moroko iliurejesha utaratibu huo mwaka 2008. Oktoba 2018 serikali yake iliamua saa iliyosogezwa mbele ibaki mwaka mzima, uamuzi uliowatoa wanafunzi barabarani kuandamana, isipokuwa katika mwezi wa Ramadhani.

Sababu ni futari. Katikati ya Machi, jua la Rabat huzama takriban saa 12:30 jioni kwa saa iliyorudishwa nyuma. Kama saa isingerudishwa, ukuta ungesoma saa 1:30 usiku. Urefu wa funga haubadiliki hata dakika moja, kwani mfungaji anafuata alfajiri na magharibi, siyo mshale wa saa. Kinachobadilika ni kwamba mtu anafuturu mapema kwa saa ya ofisini na shuleni, na usiku unabaki na nafasi ya sala, chakula na usingizi kabla ya kuamka kwa daku.

Tatizo ni kwamba saa haibadiliki siku mwezi unapoandama. Hubadilishwa Jumapili ya kabla ya Ramadhani, na kurudishwa mbele Jumapili baada ya Ramadhani kumalizika. Mwaka 2025 Moroko ilianza kufunga Machi 2, lakini saa ilikuwa imesharudi nyuma tangu Februari 23. Idi ikawa Machi 31, lakini saa haikusogezwa mbele hadi Aprili 6.

Hapo ndipo mama wa Tanga alipokosea mara ya pili. Aliona Idi imepita, akaamini mambo yamerudi kama zamani, akapiga Jumatano ya Aprili 2 saa 3:00 usiku. Rabat ilikuwa bado saa 12:00 jioni, na kijana alikuwa darasani.

Simu nayo hukosea

Wengi hudhani simu hupata habari ya mabadiliko haya yenyewe, siku hiyohiyo. Kwa kweli, simu nyingi hutumia orodha ya kanuni za saa za kila nchi iliyohifadhiwa ndani yake. Kwa Moroko, tarehe za orodha hiyo zimekadiriwa mapema kwa kupiga hesabu ya mwezi. Makadirio yakipishana na tangazo la serikali, simu ambayo haijasasishwa itaonyesha saa ya uongo kwa wiki nzima.

Imewahi kutokea. Mwaka 2023 makadirio yalisema saa ingesogezwa mbele Aprili 30, lakini tarehe halisi ikawa Aprili 23. Mwaka 2020 ikawa kinyume: ilitarajiwa Mei 24, ikawa Mei 31.

Misri nayo iliwahi kusitisha saa za kiangazi kwa ajili ya Ramadhani. Mwaka 2014 Wamisri walisogeza saa mbele Mei 15, wakairudisha Juni 26, wakaisogeza tena Julai 31, kisha wakairudisha Septemba 25. Mara nne ndani ya miezi mitano.

Kwa mzazi, kipimo ni rahisi. Fungua saa ya dunia kwenye simu yako na uongeze mji wa Casablanca. Ukikuta iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, Moroko iko kwenye saa yake ya kawaida. Ikiwa saa tatu, iko kwenye saa ya Ramadhani. Kisha muulize mwanao kwa ujumbe, “Saa ya ukutani hapo inasema ngapi?” Majibu yakitofautiana na simu, amini ukuta, na sasisha simu. Mkipanga miadi, andikeni saa zote mbili: “saa 3:00 usiku Tanga, saa 12:00 jioni Rabat.”

Dawa na usingizi wa watoto

Kwa anayetumia dawa kila baada ya saa 12, usiku ambao saa inarudi nyuma pengo la dozi huwa saa 13 akifuata kengele ya simu. Inaposogezwa mbele, pengo huwa saa 11. Kwa dawa nyingi saa moja ya usiku mmoja haina madhara makubwa, lakini kwa dawa kama za kifafa au insulini ni vema kumuuliza daktari mapema, hasa kama mgonjwa pia anataka kufunga. Hesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, siyo jina la saa.

Kwa familia zenye watoto wadogo zinazoishi kule, kurudisha saa nyuma husumbua kidogo tu: mtoto aliyezoea kuamka saa 1:00 asubuhi ataamka saa 12:00. Kazi huja saa inaposogezwa mbele, kwa sababu mtoto aliyekesha mwezi mzima na wakubwa anatakiwa kuamka saa nzima mapema. Njia inayosaidia ni kumlaza mapema kwa dakika 15 zaidi kila siku kwa siku nne. Kwa mwaka 2025, mzazi angeanza Jumatano ya Aprili 2, na kufikia Jumamosi usiku mtoto angekuwa ameshafidia saa nzima. Asubuhi afunguliwe madirisha apate mwanga, kwani mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kuwa siku imeanza.

Mama wa Tanga naye ameacha kubahatisha. Kwenye kalenda yake ya ukutani, juu ya jokofu, amezungushia kalamu nyekundu Jumapili mbili za mwaka ujao. Kijana wake ndiye aliyemtajia, naye ameziandika kwa penseli, kwa sababu mwezi bado haujaonekana.