Nani Ameishikilia Flashi?

Mwanafunzi wa chuo mjini Morogoro ameshalipa, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imeshachapwa na kubanwa, na daladala inapiga honi nje ya steshenari. Kilichobaki ni flashi tu. Dada wa dukani anabofya alama ya kuitoa kwa usalama pembeni mwa saa, na kompyuta inamjibu kwa kisanduku chenye kichwa "Problem Ejecting USB Mass Storage Device". Maelezo yake ni kwamba kifaa bado kinatumika, zifungwe programu zinazokitumia, kisha ajaribu tena.

Programu zipi? Kisanduku hakisemi. Dada anafunga Word, anafunga dirisha la folda, anajaribu tena. Jibu ni lile lile. "Dada, nichomoe tu?" anauliza mwanafunzi. Wengi huchomoa, na mara nyingi hakuna kinachoharibika.

Bahati hiyo ina sababu. Tangu toleo 1809 la Windows 10, lililotoka mwaka 2018, flashi na diski za nje hutumia kwa kawaida mpangilio wa kutolewa haraka, ambao data haicheleweshwi kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri kuandikwa baadaye. Flashi ambayo haiandikwi kitu wakati huo inaweza kuchomolewa ikabaki salama. Lakini mpangilio huo hauwezi kuilinda kazi ambayo programu yenyewe haijaihifadhi, wala faili linalochomolewa katikati ya kuandikwa. Ndiyo maana inafaa kujua ni nani hasa anayekataa kuiachia.

Kila programu inapofungua faili, Windows huiandikia kitu mfano wa tiketi: programu fulani, faili fulani. Ombi la kuitoa flashi likija, mfumo huangalia kama kuna tiketi yoyote ambayo haijarudishwa. Moja tu inatosha kuzuia safari. Word huishika tiketi yake muda wote ambao waraka uko wazi, na hata kulifuta faili hilo hutaruhusiwa. Hiyo ni rahisi kuielewa, na dawa yake ni kufunga waraka.

Lakini pale dukani Word ilikuwa imeshafungwa. Kilichobaki ni tiketi ya aina nyingine ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni ya folda. Kila programu inayofanya kazi ina folda moja inayohesabiwa kuwa ndipo iliposimama. Ukibofya faili mara mbili, programu inayolifungua kwa kawaida huanza ikiwa imesimama kwenye folda ya faili hilo, na Windows huiwekea folda tiketi mpaka programu ihame au ifungwe. Programu inaweza kuwa haina haja tena na faili lolote la flashi, lakini miguu yake ingali humo.

Notepad ya Windows 10 inaonyesha jambo hili vizuri kuliko programu nyingine. Ikifungua faili, hulisoma lote na kuliachia papo hapo. Unaweza hata kulifuta faili hilo huku maandishi yake yakiendelea kuonekana kwenye dirisha. Folda lakini haiachii.

Sasa turudi dukani. Kabla ya kuchapa ripoti, dada alibofya faili dogo la mwanafunzi lililokuwa kwenye flashi, lenye namba ya usajili, akainakili kwenye jalada. Kisha dirisha lile lile la Notepad akalisafisha kwa File, New, na kuanza kuandika orodha ya wateja wanaodaiwa. Kichwa cha dirisha kikawa "Untitled - Notepad". Hakuna mtu ambaye angelishuku dirisha la madeni kuwa ndilo linaloshikilia flashi ya mwanafunzi.

Windows yenyewe lakini ilijua, na iliandika. Ukibofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, utaona Event Viewer. Ndani yake fungua Windows Logs, kisha System, utafute tukio la karibuni kabisa lenye chanzo Kernel-PnP na namba 225. Kwa kisa hiki litasomeka hivi, likiwa limefupishwa:

```
The application ...\System32\notepad.exe
with process id 6412 stopped the removal
or ejection for the device USB\...
```

Jina la mtuhumiwa ni notepad.exe, na namba yake ni 6412. Namba hiyo ina kazi yake, kwa sababu huenda kuna madirisha matatu ya Notepad na ni moja tu lenye kosa. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya Details, uitafute kwenye safu ya PID. Usikimbilie End task: orodha ya madeni haijahifadhiwa, na End task haikupi nafasi ya kuihifadhi. Ni salama zaidi kulirudia dirisha lenyewe, kuhifadhi kazi kwenye Desktop, kisha kulifunga. Dada alifanya hivyo, flashi ikatoka mara moja.

Tukio 225 lina upungufu wake: hutaja programu bila kutaja faili. Ukitaka kujua na faili, andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwenye dirisha litakalofunguka chagua CPU, na penye Associated Handles andika herufi ya flashi, kwa mfano E:\. Orodha itaonyesha kila programu yenye tiketi pamoja na faili au folda inayoishikilia.

Wakati mwingine jibu linaudhi: System, namba 4. Huo ni moyo wa Windows wenyewe, na haufungwi. Hapo anza upya kompyuta kwa Restart, uchomoe flashi skrini inapozima kabla Windows haijapanda tena. Shut down ya kawaida si sawa na Restart: kompyuta nyingi zina mpangilio wa kuwaka haraka, ambao huhifadhi sehemu ya mfumo ikiwa imelala badala ya kuifunga yote.

Wenye Linux hujibiwa kwa "target is busy", na wao wana amri inayosema wazi zaidi, jibu lake likiwa limefupishwa hapa:

```
$ fuser -vm /media/asha/FLASHI
         USER   PID ACCESS COMMAND
         asha  3120 ..c..  bash
```

Herufi c ndiyo ile ile habari ya Notepad: bash haijafungua faili lolote, imesimama tu kwenye folda. Ingekuwa f, kuna faili lililofunguliwa, na F kubwa ni faili linaloandikwa, ambalo ndilo la kuogopa. Kwa c inatosha kuandika cd kwenye dirisha hilo la amri na kubonyeza Enter. Programu inarudi kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, na flashi inaachiwa bila kufunga chochote.

Dada wa Morogoro ana njia yake siku hizi: faili la mteja hulinakili kwanza kwenye Desktop, flashi anaitoa na kuirudisha mkononi mwa mwenyewe, ndipo anabofya.