Kamba ya mita 60: pembetatu ya pili niliyoikosesha

Wenzangu wa Elimu mnaojiandaa na mazoezi ya kufundisha, makala hii ni yenu kwanza, hasa mliochukua Hisabati. Mimi fildi yangu nilifanyia Nachingwea, Kidato cha Nne, na mada niliyokabidhiwa ilikuwa trigonometria. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja hosteli alipangiwa Ruangwa, wilaya ya jirani, naye akakuta mada ileile. Tukakubaliana kugawana kazi: mimi natunga karatasi ya mazoezi ya kanuni ya sini na kanuni ya kosini, yeye anatunga ya vekta, halafu tunabadilishana kwa simu.

Karatasi yangu ilikuwa na maswali kumi. Swali la nne nililitungia mazingira ya kule, mikorosho, ili wanafunzi wasione hesabu ni kitu cha Ulaya. Lilikuwa hivi: shamba la pembetatu lina kona A, B na C. Upande AB uko kando ya barabara na una mita 80. Pembe ya kona A ni nyuzi 40. Kutoka B hadi C ni mita 60. Tafuta urefu wa AC.

Jibu langu kwenye karatasi ya kusahihishia lilikuwa mita 92.2. Karibu darasa zima walipata hivyo hivyo. Binti mmoja wa dawati la nyuma akaandika mita 30. Nikampiga kosa kwa kalamu nyekundu, tena kubwa.

Kesho yake akaniletea daftari. "Mwalimu, nimechora mara mbili, bado inanipa 30." Hakuwa amekokotoa. Alikuwa amechora kwa bikari, sentimita 1 kwa mita 10, akapima kwa rula. Nikamjibu kama walimu wengi tunavyojibu tukiwa na haraka: "Utakuwa umeshika bikari vibaya, nenda kaangalie mwenzako alivyofanya." Na zoezi lile lilikuwa linaingia kwenye alama za muhula.

Kabla sijasema nini kilifuata, turudi nyuma kidogo kwenye kuchagua kanuni, maana hapo ndipo mtego unapoanzia.

Pembetatu ikiwa na pembe mraba, mambo ni mepesi, Pythagoras anatosha. Isipokuwa nayo, tunabaki na kanuni mbili. Tukiita a upande unaokabili pembe A, b unaokabili B na c unaokabili C, kanuni ya sini ni hii:

a/sin A = b/sin B = c/sin C

Na ya kosini ni hii:

a² = b² + c² − 2bc cos A

Wanafunzi wengi huchagua kwa kubahatisha. Mimi nilikuwa nawaambia wajiulize swali moja tu: je, katika nilivyopewa, ipo pembe ambayo upande unaoikabili nao unajulikana? Wakikuta jozi hiyo, kanuni ya sini itafanya kazi, kwa sababu yenyewe inataka sehemu moja iliyokamilika ili kutafuta nyingine. Wasipoikuta, yaani wamepewa pande tatu bila pembe, au pande mbili na pembe iliyo katikati yake, basi ni kosini. Swali hilo halikosei. Tatizo ni kwamba linakwambia kanuni ipi itafanya kazi, halikwambii kama jibu ni moja.

Tazama sasa swali langu la nne. Pembe A ni nyuzi 40, na upande unaoikabili ni BC, mita 60. Jozi ipo. Basi tunaendelea na sini:

sin C = 80 × sin 40° ÷ 60 = 0.857

Unafungua jedwali au unabonyeza kikokotoo, unapata C ni nyuzi 59. Pembe B inabaki nyuzi 81, na AC = 60 × sin 81° ÷ sin 40°, yaani mita 92.2. Safi kabisa. Ila kuna kitu jedwali halikusema. Jedwali la sini linaanzia nyuzi 0 na kuishia 90. Kikokotoo nacho, ukikipa namba chanya, kinarudisha pembe kali tu. Lakini sini ya nyuzi 59 ni sawasawa na sini ya nyuzi 121, kwa kuwa pembe mbili zinazojumlika kuwa 180 zina sini moja. Kwa hiyo C inaweza kuwa 121. Jaribu: 121 na 40 ni 161, inabaki 19 kwa pembe B. Pembetatu imekubali! Na AC = 60 × sin 19° ÷ sin 40°, yaani mita 30.4.

Mita 30 za yule binti.

Nilikuja kuligundua hilo usiku, nilipokaa na bikari yangu mwenyewe. Nilichora AB sentimita 8, nikapima nyuzi 40 pale A na kuchora mstari mrefu kutoka A ambao C lazima iwe juu yake. Kisha nikaweka ncha ya bikari pale B, nikafungua sentimita 6, nikazungusha. Tao likaukata ule mstari mara mbili: karibu na A, sentimita 3 hivi, na mbali zaidi, sentimita 9 na kidogo. Binti alikuwa amechukua mkato wa kwanza, mimi nilichukua wa pili. Hakuna kati yetu aliyekosea hesabu. Aliyekosea ni mtunga swali.

Na tofauti si ya desimali. Eneo la pembetatu ni nusu ya AB × AC × sin A. Kwa AC ya mita 92.2, shamba ni kama mita za mraba 2,370, zaidi ya nusu eka. Kwa AC ya mita 30.4, ni kama mita za mraba 780, haifiki hata robo eka. Ukipanda mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kila mti unachukua mita za mraba 144. Shamba la kwanza lina nafasi ya miti kama 16, la pili mitano. Vipimo vitatu vilevile, na mtu anaweza kuuziwa miti 16 akapewa mitano. Ukitaka kugombanisha ndugu wawili kwenye urithi, waandikie mpaka kwa namna hiyo.

Wiki iliyofuata niliwatoa darasa nje na kamba ya katani. Tulitumia moja ya kumi ya vipimo: mambo mbili za kuchomeka ardhini, umbali wa mita 8, na mstari wa chokaa wa nyuzi 40 kutoka mambo ya kwanza. Yule binti nikampa kamba ya mita 6 iliyofungwa kwenye mambo ya pili, nikamwambia atembee akiwa ameivuta. Akavuka chokaa mara moja, akaendelea, akaivuka tena. Wengine walitaka arudie, kwa hiyo akarudia.

Kisha tukafupisha kamba. Hapo ndipo somo lote lilipo, nadhani. Umbali mfupi kabisa kutoka B hadi mstari wa chokaa ni 80 × sin 40°, mita 51.4 kwenye shamba, au mita 5.14 pale kiwanjani. Kamba ikiwa fupi kuliko hiyo, haifiki kwenye mstari na pembetatu haipo; kwenye hesabu utaona sini imezidi 1 na kikokotoo kinagoma. Ikiwa sawasawa, inagusa mara moja tu na C inakuwa pembe mraba. Ikiwa ndefu kuliko 51.4 lakini fupi kuliko AB yenyewe, yaani 80, inakata mara mbili. Ikifika 80 au kuzidi, mkato wa karibu unaangukia pale pale A au nyuma yake, hivyo inabaki pembetatu moja. Kwa hiyo mwanafunzi akipewa pande mbili na pembe isiyo katikati yake, na pembe hiyo ni kali, atafute kwanza ule umbali mfupi, ndipo aguse jedwali.

Mtu mmoja pale kiwanjani akauliza kama kosini ingetudanganya hivyo hivyo. Swali zuri, sikulitegemea. Ukiita AC kuwa x, kanuni ya kosini inakupa 60² = 80² + x² − 160x cos 40°, ambayo ni x² − 122.6x + 2,800 = 0. Huo ni mlinganyo wa kwadratiki, na majibu yake yote mawili ni chanya: 92.2 na 30.4. Kosini haikufichi kitu, inakuwekea yote mezani. Ni ndefu zaidi, ndiyo maana hatuipendi.

Ila hata ukianza na kosini, sini inaweza kukunasa mwishoni. Chukua barabara mbili zinazoachana kwenye njia panda kwa nyuzi 30, moja kilomita 9 na nyingine 5 hadi vijiji viwili. Umbali kati ya vijiji kwa kosini ni kilomita 5.3, jibu moja tu. Sasa tafuta kwa sini pembe inayokabili kilomita 9: unapata 58.2. Tafuta inayokabili 5: unapata 28.2. Jumlisha na 30 uone, ni 116.4 tu! Pembe sahihi ni 121.8. Ukianza na pembe inayokabili upande mfupi, ambayo haiwezi kuwa butu, na ya mwisho ukaipata kwa kutoa kwenye 180, hili halikukuti.

Karatasi niliirekebisha, nikamtumia mwenzangu wa Ruangwa picha. Swali la nne sasa lina sentensi ya ziada: pembe C ni butu. Swali la tano lina vipimo vilevile bila sentensi hiyo, na linataka majibu yote. Alama za yule binti nilizirudisha mbele ya darasa, na za wenzake sikuzipunguza.

Baada ya siku tatu mwenzangu akanipigia. Wanafunzi wake sasa walikuwa wanaandika majibu mawili kila mahali, hata kwenye swali la sita ambako BC ni mita 95. Pale C ni nyuzi 32.8, na mwenzake 147.2 ukijumlisha na 40 unapata 187.2. "Hawajumlishi, ndugu yangu," akaniambia. Nikamwuliza kama ana kamba. Akasema ataenda kuitafuta sokoni jioni.