Kasi Mara Mbili, Pigo Mara Nne

Anayetoka Jinja kwenda Mbale hupita Iganga, akifika Nakalama hukata kushoto kushika barabara ya Tirinyi, kisha huvuka nyika na mashamba ya mpunga mpaka mlima Wanale unapojitokeza mbele yake. Ni kilomita kama 140. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama itazimaliza kwa saa 1 na dakika 45. Dereva akikanyaga mafuta mpaka 100, atatumia dakika 84. Ameokoa dakika 21 kwa kuongeza kasi kwa robo tu. Ila akigonga kitu njiani, pigo litakuwa limezidi si kwa robo, bali kwa zaidi ya nusu. Hiyo ziada imetoka wapi?

Vitabu vya shule hujibu kwa mstari mmoja: pigo hukua kwa mraba wa kasi. Mwanafunzi asiyependa hesabu akiliona neno "mraba" hufunga kitabu, na simlaumu, maana mstari huo unataja jibu bila kueleza sababu. Sababu yenyewe inaweza kuelezwa kwa gari moja na ukuta mmoja.

Tuseme gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, ambazo ni kama mita 14 kila sekunde. Linaugonga ukuta. Abiria waliofunga mikanda hawasimami papo hapo: pua ya gari inakunjamana, na wakati inakunjamana wao bado wanasogea mbele. Tuseme wanasogea nusu mita. Ndani ya nusu mita hiyo kasi yao inashuka kutoka 14 hadi sifuri, kwa hiyo kwa wastani wanakwenda mita 7 kwa sekunde, na nusu mita inaisha kwa sehemu moja ya 14 ya sekunde. Jicho halijamaliza kufumba.

Sasa gari hilohilo lije na kilomita 100. Mambo mawili yamebadilika, na hapa ndipo wengi huona moja tu. La kwanza ni wazi: kasi ya kuondolewa ni maradufu. La pili limejificha: ile nusu mita ya kusimamia haijaongezeka, na kwa kuwa gari linaipita kwa haraka maradufu, muda uliopo umekatika nusu. Kazi imekuwa mara mbili na muda wa kuifanya umebaki nusu yake. Nguvu inazidishwa mara mbili kwa sababu ya kasi, kisha mara mbili tena kwa sababu ya muda. Ndiyo nne. Mraba hauna siri nyingine zaidi ya hiyo: kasi inahesabiwa mara mbili, kwanza kama mzigo, halafu kama haraka.

Turudi kwa matatu yetu. Pigo la kasi ya 80 tulipe jina 100. Kufika kasi ya 100, mzigo unaongezeka kwa robo, tunapata 125. Muda nao unabana kwa kiasi kilekile, kwa hiyo tunaongeza robo ya hiyo 125, tunafika kama 156. Zaidi ya nusu ya pigo imeongezeka kwa ajili ya dakika 21.

Nguvu hizi zina ukubwa gani hasa? Kitu kinachoanguka hupata kasi ya takriban mita 10 kila sekunde. Abiria wetu wa kilomita 50 alipoteza mita 14 kwa sehemu moja ya 14 ya sekunde. Kama upotevu huo ungeendelea sekunde nzima, ungekuwa mita 196, karibu mara 20 ya mvuto wa dunia. Maana yake ni kwamba mama aliyempakata mtoto wa kilo 10 angehitaji mikono ya kuzuia kilo 200, magunia mawili ya mahindi. Kwenye kilomita 100 ni kilo 800. Hakuna mikono hiyo, hata ya mpiga mweleka.

Lazima niweke tahadhari. Hesabu ya mara nne inashika pale nafasi ya kusimamia inapobaki ileile. Katika ajali halisi, gari lenye kasi kubwa hukunjamana zaidi, na hilo hupunguza makali kidogo, mpaka boneti yote iwe imeisha. Baada ya hapo hakuna cha kukunjamana ila chumba cha watu. Matatu za aina ya Haisi zina pua fupi, dereva na abiria wa mbele wameketi karibu juu ya magurudumu, kwa hiyo akiba hiyo huisha mapema.

Asiyeamini anaweza kujaribu kwa udongo wa matofali. Katika miaka ya 1720, Willem 's Gravesande wa Leiden, Uholanzi, aliangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini na kupima mashimo. Mpira uliofika na kasi maradufu ulichimba shimo lenye ujazo mara nne. Émilie du Châtelet wa Ufaransa alilitumia jaribio hilo kuutetea mraba katika kitabu chake cha mwaka 1740, wakati wasomi wengi bado waliupinga. Angusha jiwe kutoka nusu mita, kisha kutoka mita 2. La pili litafika na kasi mara mbili tu ya la kwanza, ingawa umelipandisha mara nne. Sababu ni ileile: katika sekunde ya pili ya kuanguka, kitu tayari kina kasi, kwa hiyo hula njia ndefu zaidi. Sekunde ya kwanza huanguka mita 5 na kufikia kilomita 36 kwa saa. Ya pili huongeza mita 15, jumla 20, na kasi ni 72. Kugonga ukuta kwa 72, basi, ni kama kuanguka na gari kutoka ghorofa ya sita hivi.

Breki nazo hutii sheria hii, na hapo matokeo hushangaza hata madereva wazoefu. Tuseme pale Kamonkoli, kwenye barabara ileile ya Tirinyi, mtoto anakatiza. Dereva wa kwanza ana 50, wa pili ana 70, breki na lami ni sawa, na barabara ni kavu. Mraba wa 70 ni karibu maradufu ya mraba wa 50. Kwa hiyo tuseme wa kwanza ana fungu moja la kuondoa, wa pili ana mafungu mawili. Breki kali huondoa fungu moja kwa mita 14 hivi. Wa kwanza amesimama. Wa pili, mahali palepale, ameondoa fungu moja na amebakiwa na moja: bado anakwenda karibu kilomita 50 kwa saa.

Hapo tumewafanya wote wawili wakanyage breki mahali pamoja. Wakipewa sekunde moja ya kushtuka, wa 50 anatumia mita 14 kabla ya kugusa breki, wa 70 anatumia zaidi ya 19. Wa kwanza akisimama kwenye mita ya 28, wa pili anapita hapo akiwa na kilomita 58 kwa saa, kasi kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo mwenzake kabla hajamwona mtoto.