Msimamizi wa ghala anawajibika kwa nani?

Tuseme kuna muuzaji wa jumla pale Vingunguti, Dar es Salaam. Ghala lake limejaa mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni. Ana makarani wawili, dereva mmoja wa foklifti, na wapakiaji wanaolipwa kwa siku. Sasa anatafuta msimamizi, na karatasi ya kazi anaiandika kwa mkupuo: shahada ya ugavi, uzoefu wa miaka 5, kupokea mizigo, kujua kompyuta, leseni ya foklifti, uaminifu, na mwishoni kabisa "kazi nyingine atakazopangiwa". Ukiisoma huoni kipi ni kazi, kipi ni sifa, na kipi ni matamanio ya mwenye mali.

Kazi zitangulie. Jukumu la msingi ni lile ambalo lisipofanyika wiki hii, mali itapotea au itaharibika, au mtu ataumia. Kupokea mizigo ni mojawapo, lakini maneno mawili hayo hayamwambii mtu afanye nini. Lori la mchele limefika na hati inayosema mifuko 600 ya kilo 50. Msimamizi anailinganisha hati na oda ya ununuzi, anatazama kama lakiri imeguswa, kisha mifuko inahesabiwa inaposhuka. Mizima ni 594, minne imelowa, miwili haipo. Hayo anayaandika kwenye hati ya dereva na dereva anatia saini, lori likiwa bado uwanjani. Likishatoka getini, muuzaji atasema alipakia 600, na mchele uliolowa utaambiwa umelowea ghalani.

Kwa hiyo karatasi iseme hivyo hivyo: kuhesabu kila mzigo unaoingia, kuulinganisha na oda, na kuandika upungufu au uharibifu kwenye hati ya dereva kabla gari halijaondoka. Jukumu la namna hii linapimika. Mengine yaandikwe kwa mtindo huo: kutoa mali kwa hati iliyoidhinishwa tu, kupanga bidhaa ili inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, kuhesabu sehemu ya mali kila wiki, kuhakikisha watu hawapiti foklifti inapofanya kazi. Matano au sita yanatosha.

Sifa ndiyo sehemu inayowafukuza watu wanaofaa. Karani aliyeishia kidato cha nne, mwenye miaka 7 ya kushika leja, akiona shahada hapo juu haombi kabisa. Jiulize: ni kitu gani mtu huyu hawezi kufundishwa katika miezi ya majaribio? Programu ya mali mnayotumia atajifunza. Kuhesabu bila kubabaika, kusoma hati na kuwasimamia wapakiaji anatakiwa aje nayo. Hizo ndizo sifa za lazima. Shahada na uzoefu wa bidhaa za chakula ziende chini ya "itapendelewa", zitumike kuchagua kati ya waliokwisha kufaulu ya lazima, si kuwachuja mlangoni. Leseni ya foklifti nayo ni ya ziada, maana dereva yupo. Kama msimamizi ndiye atakayeshika usukani dereva akiugua, basi ni ya lazima, na isemwe wazi.

Linabaki la nani bosi wake, na hapa ndipo mali nyingi hupenya. Akiwa chini ya ofisa ununuzi, anampelekea habari ya mifuko 594 mtu yule yule aliyeagiza 600. Akiwa chini ya meneja mauzo, ataambiwa mteja yuko nje, toa mzigo, hati itafuata kesho. Ni salama awajibike kwa meneja wa uendeshaji, au kwa mwenye mali mwenyewe kama biashara ni ndogo. Hesabu ikipishana na leja, marekebisho yaidhinishwe na mhasibu, kamwe si yeye. Karatasi itaje pia walio chini yake, wapakiaji wa siku wakiwemo, na mamlaka yake: anaweza kukataa mzigo, anaweza kuzuia gari lisitoke.

Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kenya nayo ina takwa kama hilo katika kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Hivyo "kazi nyingine atakazopangiwa" iongezewe "zinazohusiana na ghala". Na siku mwenye mali atakapotaka msimamizi huyo ashike na ununuzi pia, asimalize kwa kumwambia tu pale getini. Wakae wazungumze, karatasi iandikwe upya, na kazi ya kuhesabu mizigo inayoingia apewe mtu mwingine.